Shajara ya kadi ya mzio: kula Hispania na mtoto asiyeweza karanga wala lozi

Wiki sita kabla ya safari

Tiketi zimeshakatwa: Madrid, Valencia, kisha pwani ya Katalonia hadi Barcelona. Tutakuwa watatu, mimi, mume wangu na mwanetu wa miaka tisa. Mtoto ana mzio mkali wa karanga, korosho, lozi na kokwa za jamii hiyo. Nyumbani Dar najua pa kula na najua cha kuuliza. Kule sijui hata karanga inaitwaje, kwa hiyo mradi wangu ni mmoja tu: kadi moja ya Kihispania ya kumpa mhudumu, na maswali machache ninayoweza kuyatamka mwenyewe na kuelewa majibu yake.

Leo nimeandika rasimu ya kwanza nikitumia kamusi ya simu. Inasema *Soy alérgico a los frutos secos*. Nimempelekea Mwalimu, jirani yetu aliyezaliwa Malabo kule Gine ya Ikweta, ambako Kihispania ni lugha ya shule na ofisi. Ameishi hapa mtaani miaka mingi, anaongea Kiswahili kama sisi.

Akasoma, akaniuliza, "Mama, mwenye mzio ni nani? Wewe?"

Nikamwambia ni mtoto.

"Basi hapa umesema ni wewe, tena mwanamume. Mhudumu atakuangalia wewe unakula nini, mtoto atamletea chochote."

Nimesahihisha: *Mi hijo es alérgico*, mwanangu ana mzio.

Wiki tano kabla

Somo la leo lilikuwa matamshi, na nimefurahi kwa sababu Mswahili hapa ana mtaji mkubwa. Irabu zao ni tano zilezile, a, e, i, o, u, na zinasomwa kama zetu. Kazi iko kwenye konsonanti chache. Herufi *j*, na *g* ikifuatwa na e au i, ni kh ya "kheri". Herufi *ñ* ni ny ya "nyama". *Ll* wengi wanaitamka y. *H* haisikiki kabisa. *V* na *b* ni sauti moja. Kwa Hispania, *z*, na *c* mbele ya e au i, ni th ya "thelathini", ingawa kusini baadhi ya watu huitamka s, na Amerika ya Kusini yote ni s.

Kwa hiyo nimejiandikia kwa mkono wangu pembeni ya kila neno: *cacahuete* (kakawete) ni karanga. *Almendra* ni lozi, inasomwa ilivyo. *Anacardo* ni korosho. *Avellana* (abeyana) ni ile kokwa ndogo ya mviringo inayotiwa kwenye chokoleti ya kupaka mkate. *Nuez* (nweth) ni jozi, yenye mikunjo kama ubongo. Zikiwa nyingi ni *nueces*. *Pistacho* ni ile ya kijani. Mtoto ameyakariri yote kwa siku mbili na anayaimba akioga.

Kisha Mwalimu akanionyesha tatizo la *frutos secos*. Neno kwa neno ni matunda makavu, na kwa mazungumzo ya kawaida linabeba karanga, lozi, korosho, wakati mwingine hata zabibu kavu. Ila kwenye orodha ya kisheria ya vyakula vya mzio karanga inasimama peke yake, *cacahuetes*, na kokwa za miti zinaitwa *frutos de cáscara*, vitu vyenye ganda. Kwa hiyo ukitaja jina la kundi, kila mtu anaelewa kundi lake. Kadi itataja kila kokwa kwa jina lake.

Nimesoma sheria yenyewe pia. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169/2011, iliyoanza kutumika Desemba 2014, inataka mteja apewe taarifa za vyakula 14 vya mzio, hata kwenye mgahawa. Hispania ikaweka utaratibu wake mwaka 2015: mgahawa unaweza kukujibu kwa mdomo, lakini taarifa hiyo lazima iwepo kwa maandishi mahali ambapo wafanyakazi na mteja wanaweza kuiona. Maana yake nina haki ya kusema: *¿Tienen la carta de alérgenos?* Menyu ya mzio mnayo? Mimi hili limenituliza moyo kuliko yote ya wiki hii.

Wiki tatu kabla

Kadi toleo la pili. Nimeichapisha kwenye karatasi ngumu, ukubwa wa kiganja, nakala sita, kwa sababu kadi itakwenda jikoni na huenda isirudi:

*Mi hijo tiene una alergia grave. No puede comer cacahuetes, almendras, avellanas, nueces, anacardos ni pistachos, ni siquiera en poca cantidad. ¿Puede enseñar esta tarjeta en la cocina, por favor?*

Yaani: mwanangu ana mzio mkali, hawezi kula vitu hivi hata kidogo, tafadhali waonyeshe jikoni kadi hii.

Nilitaka niongeze mistari mingine mitano ya maelezo ya ugonjwa. Mwalimu akakataa. Mpishi ana sufuria nne motoni, atasoma mistari mitatu tu.

Daktari wa mtoto ametuandikia mpango wa dharura na sindano mbili za adrenalini, na barua ya kuzibeba kwenye ndege. Namba ya dharura Hispania ni 112. Hayo yako kwenye mkoba wangu wa begani, hayaingii sandukuni.

Madrid, siku ya kwanza

Tumekosea saa. Saa kumi na mbili na nusu jioni tuna njaa, jiko limefungwa. Chakula cha mchana ni kuanzia saa saba na nusu hadi saa kumi hivi, cha usiku ni saa mbili na nusu au saa tatu. Katikati unapata vitafunwa vya kaunta, na kwa mtoto wetu kaunta ndiyo pabaya zaidi, kwa sababu mabakuli ya karanga na lozi yanawekwa bure pembeni ya vinywaji na mikono ileile inapita kila mahali. Tumenunua ndizi, mkate na mtindi dukani tukala chumbani.

Madrid, siku ya pili

Jaribio la kwanza la kweli. Tumekwenda mchana, saa saba na nusu kamili, kabla watu hawajajaa, ili mhudumu awe na muda wa kunisikiliza. Tumechukua *menú del día*, mlo wa bei moja: chakula cha kwanza, cha pili, mkate, kinywaji na kitindamlo. Kwetu unafaa, kwa kuwa vyakula ni vichache na jiko limevipika asubuhi ileile.

Nikatoa kadi. Mhudumu, mama wa makamo, akaisoma yote, akaenda jikoni nayo. Akarudi akaniambia *croquetas*, vibonge vya kukaanga, zina *nuez*. Moyo ukaruka. Akaona uso wangu, akamalizia: *nuez moscada*. Sikulijua. Akarudi tena jikoni, akaniletea kichupa cha kiungo, akakifungua, akanisogezea puani.

Kungumanga. Harufu ya pilau ya nyumbani, kabisa.

Kungumanga ni mbegu ya tunda, haimo katika orodha ya daktari wetu, na mtoto ameila tangu utoto. Kihispania kinaiita jozi yenye harufu, na wanaikwangua kwenye maziwa yaliyofanywa mazito kwa unga, yaliyomo ndani ya vibonge hivyo. Nimeliandika nyuma ya kadi ili lisinishtue tena. Croquetas hata hivyo hatukula, maana zilikuwa na *jamón*, nguruwe aliyekaushwa kwa chumvi. Hapo nimejifunza la pembeni: nikiuliza kama chakula kina *carne*, wengine hujibu hapana, kwa kuwa jamón kwao haihesabiwi nyama ya kupika. Swali letu sasa ni *¿Lleva cerdo, jamón o manteca?* Manteca kwa Hispania ni mafuta ya nguruwe.

Mtoto amekula samaki wa kukaanga na viazi. Kabla ya kukubali niliuliza *¿Lo fríen en el mismo aceite?*, mnakaanga kwenye mafuta yaleyale ya vitu vingine? Akataja vinavyopita kwenye mafuta yale, hakuna chenye kokwa. Kitindamlo nimemkatalia, nimempa chungwa. Vitamu vya hapa nimevifuta vyote mpaka nione maandishi: *turrón* na *mazapán* msingi wake ni lozi, na *tarta de Santiago* unga wake ni lozi.

Valencia

Siku nzuri. Wali wao wa kienyeji, *paella valenciana*, hauna kokwa: mchele, kuku, sungura, maharage ya aina mbili, nyanya, zafarani, mafuta ya zeituni. Nimeuliza, wakanipa menyu ya mzio bila hata kusita, safu kumi na nne na alama za nukta.

Nimezuiliwa na kinywaji. Mtoto aliona *horchata*, cheupe kama tui, akataka. Nilidhani ni lozi. Kumbe ya Valencia inatengenezwa kwa *chufa*, viazi vidogo vya mzizi vya jamii ya ndago. Si kokwa ya mti. Hata hivyo duka lile liliuza pia maziwa ya lozi na jagi zilikuwa zinasuuzwa kwenye beseni moja. Nikamkatalia mbele ya jagi lenyewe, akalia. Tukapata duka jingine jioni linalouza horchata peke yake, akanywa vikombe viwili.

Bili ya leo naiweka hapa kwa ukamilifu, kwa sababu ilinichanganya. Menyu ilisema wali ni euro 16, nikaagiza. Ilipokuja bili:

Arroz 2 × 16,00 = 32,00
Ensalada 9,00
Agua 2,50
Pan 3 × 1,50 = 4,50
Total 48,00

Kwanza, mkato ni wa desimali, euro 48 kamili. Pili, chini ya jina la wali kulikuwa na maandishi madogo: *precio por persona, mínimo 2 personas*. Bei ni kwa kila mtu, na hawapiki chini ya watu wawili. Tatu, mkate uliwekwa mezani bila kuagizwa na ulihesabiwa kwa vichwa. Bei yake ilikuwa imeandikwa kwenye menyu, kwa hiyo ni halali. Anayeutaka ale, asiyeutaka aseme mapema: *sin pan, gracias*. Nne, maji ya chupa tuliyalipia ilhali sheria yao ya mwaka 2022 inautaka mgahawa umpe mteja maji ya bomba bure akiyaomba. Maneno ni *una jarra de agua del grifo, por favor*.

Chini kabisa kulikuwa na mistari miwili, *base imponible 43,64* na *IVA 10 % 4,36*. Mume wangu akadhani wameongeza kodi juu ya bei. Tukajumlisha: 43,64 na 4,36 ndiyo ileile 48. Kodi ilikuwa ndani ya bei tangu kwenye menyu.

Tulikaa pia dakika ishirini tukisubiri bili ijitokeze. Hailetwi mpaka uiombe, maana kukuletea mapema ni kama kukufukuza. *La cuenta, por favor* (la kwenta, por fabor). Kisha mashine ya kadi, *datáfono*, inaletwa mezani. Kadi yetu ni ya akaunti ya dola, na mashine ikauliza: EUR au USD? Chagua EUR. Ukichagua dola, mashine inakubadilishia fedha hapohapo kwa kiwango chake, na kwa kawaida ni kibaya kuliko cha benki yako. Mhudumu alitaka kutubonyezea, nikamwambia *en euros, por favor*. Bakshishi si lazima. Tuliacha sarafu mbili kwa ajili ya yule kijana aliyetuletea menyu ya mzio.

Pwani ya Katalonia

Leo nimeogopa, na ninaandika usiku huu huu kabla sijalala.

Katika Katalonia lozi na avellana zimo kwenye msingi wa mapishi. Kuna sosi nyekundu ya *romesco*, ya eneo la Tarragona, ya nyanya za kuchoma, pilipili kavu, vitunguu saumu na kokwa. Hiyo nilishaijua. Nisichokijua ni *picada*: lozi au avellana, mkate wa kukaanga, saumu na majani ya *perejil*, vinatwangwa kwenye kinu na kutiwa kwenye mchuzi dakika za mwisho ili uwe mzito. Haiandikwi kwenye jina la chakula. Huioni. Ni kama tui lilivyo kwetu, nani anaandika tui kwenye jina la mchuzi?

Tuliingia mahali padogo pa familia, pamejaa. Nakala za kadi zilikuwa zimebaki hotelini. Nikajiamini, nikauliza mchuzi wa samaki kwa mdomo: *¿No lleva almendra?*

Mhudumu akasema *sí*, akaondoka na oda mbili nyingine mkononi.

Nikasikia kwa masikio ya Kiswahili. Kwetu ukiuliza "Haina lozi?" na mtu akasema "Ndiyo", anakubaliana nawe: ndiyo, haina. Nikamwambia baba yake kuko salama.

Bakuli lilipokuja mtoto hakuanza. Tumemzoesha kusubiri nimwangalizie. Akakoroga kwa kijiko, akainua, akasema, "Mama, huku chini kuna chengachenga. Nini hii?"

Zilikuwa za kahawia, ndogo kama mchanga mnene. Nikamwita mhudumu, nikauliza upya, safari hii bila kukanusha: *¿Lleva almendra?*

*Sí, en la picada. Ya se lo he dicho.*

Ndiyo, imo kwenye picada. Nimeshakwambia. Na kweli alikuwa ameniambia. Kwa Kihispania *sí* baada ya swali la kukanusha inarudi kwenye kitu chenyewe: lozi imo. Angetaka kusema haimo angesema *no*. Nimekaa na hilo bakuli mbele yangu mikono inatetemeka, kosa ni langu na mtoto ndiye aliyeliona.

Tumeondoa bakuli, kijiko na kitambaa, tumenawa mikono kwa sabuni, na mpishi mwenyewe akatoka. Akampikia samaki kwenye kikaango safi, mafuta na chumvi tu, *a la plancha*. Tulilipa kila kitu pamoja na bakuli lile, ingawa walitaka kuliondoa kwenye bili.

Nilimpigia Mwalimu simu usiku. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mama, hili ndilo nililopaswa kukufundisha la kwanza. Mimi mwenyewe nilipofika Dar lilinisumbua kwa upande wa pili, nikawa naambiwa ndiyo nadhani kipo."

Kanuni mpya, nimeiandika kwa wino mwekundu: swali linaanza na *¿Lleva...?*, halianzi na *no* kamwe. Linataja kitu kimoja kwa mara moja, si orodha, ili jibu lisiwe la kukisia. Na nikishajibiwa, narudia kwa sentensi nzima nikimwangalia usoni: *Entonces, no lleva almendra*, kwa hiyo haina lozi. Akisema *no, no lleva*, au *correcto*, ndipo nakubali. Akisema *creo que no*, nadhani hapana, hilo si jibu, ni ombi la kumpeleka jikoni: *¿Puede preguntar en la cocina?* (kothina).

Barcelona

Kadi toleo la tatu nimeichapisha kwenye duka la karatasi karibu na hoteli. Nimeongeza mistari miwili chini:

*¿Este plato lleva alguno de estos ingredientes, también en la salsa o en la picada? ¿Se prepara con los mismos utensilios?*

Je, chakula hiki kina chochote kati ya hivi, hata kwenye sosi au picada? Kinaandaliwa kwa vyombo vilevile?

Tumeijaribu mara nne kwa siku mbili. Mara moja jiko lilijibu moja kwa moja kwamba kinu na visu ni vya pamoja, hawawezi kutuhakikishia. Tuliwashukuru tukatoka, na jibu lile nimelithamini kuliko yale matatu ya "hakuna shida". Pasta ya sosi ya kijani, *pesto*, ambayo nilidhani ni ya majani tu, jikoni wakatuambia yao ina korosho. Za kwenye chupa mara nyingi hutiwa korosho badala ya mbegu za msonobari. Korosho, *anacardo*, sikutarajia kukutana nayo mbali hivi na Mtwara.

Chakula cha mwisho mtoto ameagiza mwenyewe. Alisimama wima, akampa mhudumu kadi kwa mikono miwili, akasema *¿Lleva avellana?* Akajibiwa *no*. Akarudia, *Entonces, no lleva.* Akajibiwa *no, cariño, no lleva nada de eso*. Akaketi.

Nyumbani, wiki moja baadaye

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anakwenda Meksiko mwezi ujao na yeye ana mzio wa karanga tu. Ameniomba kadi. Nimekaa na Mwalimu jana jioni na tumegundua haiwezi kwenda ilivyo.

Karanga Meksiko ni *cacahuate*, si cacahuete, na akivuka kwenda Amerika ya Kusini itakuwa *maní*. Ufuta wao wanauita *ajonjolí*. *Mazapán* ambayo Hispania ni ya lozi, Meksiko ni ya karanga, kwa hiyo aliyeila salama Madrid anaweza kudhurika kule. *Nuez* peke yake kwa kawaida ni kokwa nyingine, *pecan*, na korosho ni *nuez de la India*. Badala ya picada kutakuwa na *mole*, mchuzi mzito wa pilipili kavu na viungo vingi vya kusagwa, ambao mara nyingi una karanga, lozi na ufuta kwa pamoja, na *salsa macha*, pilipili ya mafuta yenye karanga inayowekwa mezani. Bakshishi kule inatarajiwa, asilimia 10 hadi 15.

Toleo la nne limechapishwa leo asubuhi, nakala kumi. Mstari wa mwisho umebadilika kuwa *también en el mole o en la salsa*. Shemeji amekuja kuzichukua, nikamkalisha sebuleni, mtoto akawa mhudumu, na shemeji hakuruhusiwa kunywa chai mpaka alipouliza *¿Lleva cacahuate?* mara tano bila kutanguliza *no*.